Filamu Inayoanzia Kwenye Karatasi

Filamu nyingi za hali halisi zinazotegemea watu kuzungumza hazikwami kwa uhaba wa picha. Zinakwama kwa wingi wake. Mtengenezaji anarudi mjini na masaa tisa ya mahojiano, na televisheni imempa nafasi ya dakika 26. Anakaa mbele ya kompyuta, anatazama mahojiano ya kwanza, anakata kipande anachokipenda, anakiweka, anaendelea na mahojiano ya pili. Baada ya wiki mbili ana vipande vizuri visivyoshikana, na hakumbuki tena ni wapi yule mzee alisema lile neno lililomfanya ainue kichwa. Alilisikia mara moja tu, likapita.

Dawa ya tatizo hili ni ya zamani kuliko kompyuta, na bado sijaona iliyo bora zaidi: andika kila neno lililosemwa, lisome kama unavyosoma kitabu, kisha ipange filamu nzima kwenye karatasi kabla ya kuikata. Wahariri huiita hariri ya karatasi. Jicho linapita ukurasa mmoja kwa dakika moja au mbili, ilhali sikio linalazimika kungoja kila sekunde ya mazungumzo ipite kwa mwendo wake. Aliye na maandishi anaweza kuweka mbele yake kwa wakati mmoja maneno ambayo watu watatu waliyasema siku tatu tofauti. Kwenye skrini hilo haliwezekani.

Ili hatua zionekane, nitatumia mfano niliouunda kwa ajili ya makala haya. Tuseme filamu ni ya mafundi wa majahazi katika kijiji kimoja cha pwani. Wahojiwa ni watano: fundi mzee, nahodha aliyestaafu, mke wa nahodha, muuza mbao, na kijana anayetengeneza boti za faiba. Masaa tisa ya mazungumzo yao, yakipigwa chapa kwa nafasi pana ili pawe na pa kuandika pembeni, yanatoa kurasa kama 200.

Kazi inaanza na namba. Kamera huandika kwenye kila fremu namba ya saa, dakika, sekunde na fremu, ambayo mafundi huiita taimukodi. Ukiona 10:14:32:07 ujue ni fremu ya nane ndani ya sekunde hiyo, kwa kuwa hesabu huanzia 00. Kamera ikipangwa fremu 25 kwa sekunde, jozi ya mwisho huanzia 00 na kuishia 24. Kwenye karatasi fremu hazina haja, sekunde inatosha. Lakini namba hiyo lazima iwepo, pamoja na jina la faili, kwenye kila aya ya maandishi, kwa sababu ndiyo njia pekee ya kurudi kutoka kwenye neno lililochapwa hadi kwenye uso wa aliyelisema. Maandishi yasiyo na namba yatakupa nukuu nzuri na siku nzima ya kuitafuta.

Hapa ndipo kosa kubwa la kwanza hutokea. Mara nyingi sauti safi hurekodiwa kwenye kinasa kilicho mbali na kamera. Anayenukuu hupewa faili la kinasa kwa kuwa ni jepesi kulituma kwa simu, naye anaandika namba za kinasa, zinazoanzia 00:00:00. Kamera nayo ilizimwa katikati ili kubadilisha betri, huku kinasa kikiendelea. Kwa hiyo tofauti kati ya namba hizo mbili si moja toka mwanzo hadi mwisho. Unganisha sauti na picha kwanza, kisha toa nakala nyepesi ya video yenye namba zinazoonekana chini ya picha, na hiyo ndiyo apewe mnukuzi. Kama maandishi yameshakuja na una wasiwasi, chukua aya tatu, ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho wa mahojiano, uzitafute kwenye picha. Zikikosea kwa kiasi kilekile, utajumlisha au kutoa. Tofauti ikiwa inabadilika, namba zirudiwe kabla hujagusa kingine.

Mnukuzi mzoefu huhitaji masaa manne au zaidi kuandika saa moja ya mazungumzo, na wazungumzaji wakiingiliana, muda huongezeka. Kishawishi chake ni kusafisha. Anaondoa “yaani” na “eeh”, ananyoosha sentensi iliyokatika, anageuza “hakukuwaga” kuwa “hakukuwa”. Anafanya hivyo kwa nia njema, kama mwalimu anayesahihisha insha, lakini anamharibia mhariri. Mhariri anahitaji kujua sentensi ilikatika wapi, kwa sababu hapo ndipo mkasi unapoweza kupita au usipoweza. Na maswali ya mhojaji yaandikwe yote. Jibu la “Ndiyo, wawili” halina thamani bila swali lake, na mara nyingine swali ndilo linaloonyesha kwamba mhojiwa alitiliwa maneno kinywani.

Huu hapa ukurasa unaofaa, kutoka kwa fundi mzee wa mfano wetu, faili A003, kuanzia 10:14:32:

“Mwaka ule tulikuwa na kazi mbili, yaani majahazi mawili. La kwanza [pikipiki inapita] la kwanza tulilimaliza, likaenda zake. La pili, eeh. La pili halikumalizika. Mwenyewe alihama. [kimya, sekunde 7] Taruma zake mpaka leo zimesimama pale.” Kipande kinaishia 10:15:09.

Mabano hayo mawili yana uzito kuliko yanavyoonekana. Pikipiki inakuambia kwamba “la kwanza” la mwanzo haliwezi kutumika, ila bahati nzuri mzee amerudia. Kimya cha sekunde saba kinakuambia jambo ambalo karatasi peke yake ingelificha kabisa. Ukisoma haraka, hii ni taarifa ya kawaida: kazi mbili, moja haikuisha. Ukitazama, ni mzee anayegeuza uso kuelekea mbavu za chombo zilizosimama mchangani bila mbao. Ndiyo maana nashikilia kwamba mhariri asome maandishi mara ya kwanza huku video ikicheza, hata kama ni polepole, na aweke alama pembeni pale sauti au uso ulipozidi maneno. Baada ya hapo ndipo ana haki ya kusoma karatasi bila video.

Kuchagua ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kalamu moja inatosha. Kipande kinachosimama chenyewe, yaani ambacho mtu asiyejua lolote atakielewa, kipigiwe mstari. Kinachohitaji msaada kiwekewe nukta. Kingine chote kiachwe. Katika kurasa zetu 200, tuseme mistari na nukta zinatoa dakika 95. Vipande hivyo vinatolewa upya, kila kimoja kwenye karatasi yake ndogo yenye jina la msemaji, faili, namba ya kuanzia na ya kuishia, na urefu wake kwa sekunde. Cha fundi kingeandikwa: Fundi, A003, 10:14:32 hadi 10:15:09, sekunde 37. Wengine hufanya haya kwenye jedwali la kompyuta. Mimi napenda mkasi na ukuta, kwa sababu ukuta unaonyesha filamu nzima mara moja, na karatasi iliyong’olewa na kuhamishwa huacha pengo linaloonekana.

Kupanga ndiko kugumu. Karibu kila mtu huanza kwa kukusanya vipande kwa mada: historia ya kijiji, mbao na misumari, kalafati, hatari za bahari, vijana na boti za faiba. Mpangilio huu unasomeka vizuri, na unatoa filamu iliyokufa, kwa sababu kila mada ikiisha mtazamaji hana sababu ya kungojea inayofuata. Makundi ya mada ni ghala la kuhifadhia tu. Filamu yenyewe inahitaji swali linalobaki wazi, na vipande vinapangwa kwa kadiri vinavyolisogeza swali hilo.

Turudi kwa lile jahazi la pili. Kwa mada, kipande chake kingeangukia mwishoni, kwenye “vijana”, kama ushahidi kwamba kazi imekufa. Hapo kingehuzunisha, basi. Sasa kipeleke dakika ya tatu, mara tu baada ya mzee kujitambulisha. Ghafla kuna chombo kisichokwisha kimesimama pwani, na mtazamaji anaanza kujiuliza nani alihama, kwa nini, na kama kuna atakayekimaliza. Muuza mbao anapoeleza bei, hatoi tena somo la uchumi. Anajibu kwa nini chombo hakikwisha. Kijana wa boti za faiba anaposema alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwa fundi, maneno yake yana kishindo, kwa kuwa tunajua yanaelekea wapi. Hakuna neno lililoongezwa. Karatasi moja yenye sekunde 37 imehama kutoka mwisho wa ukuta kuja mwanzo.

Kisha hesabu. Filamu ya dakika 26 iliyojaa maneno dakika zote 26 haivumiliki. Mtazamaji anahitaji nafasi ya kuona randa ikipita kwenye mbao na kusikia nyundo. Kwa filamu ya namna hii natafuta maneno ya dakika 16 hadi 18. Tuseme ukuta wetu wa kwanza unajumlisha dakika 41. Sasa unalazimika kuchagua kati ya watu wawili waliosema jambo moja, na kanuni yangu ni kumbakiza yule ambaye jambo hilo lilimgharimu. Nahodha anaeleza usiku wa dhoruba kwa ufasaha mkubwa, dakika nne. Mke wake anasema kwa sekunde 20 kwamba alikaa mlangoni mpaka adhana ya alfajiri. Hadithi ya nahodha inapungua kuwa dakika moja, na sekunde 20 za mkewe zinabaki zote.

Karatasi ina hatari yake, na kwa Kiswahili hatari hiyo ina sura ya pekee. Viambishi vyetu hubeba watu na vitu bila kuvitaja. Chukua kipande hiki cha nahodha: “Alisema hataki kuiona bahari tena.” Katika mazungumzo alikuwa anamzungumzia mamake. Kibandike chini ya kipande kinachomtaja babake, na kila mtazamaji ataamini ni baba aliyesema. Hakuna kitakachomshtua, kwa sababu “a-” haituambii hata kama ni mwanamume au mwanamke. Mhariri mwenyewe, aliyesoma vipande vikiwa vimeshatenganishwa, anaweza kusahau baada ya wiki moja. Kinga yake ni ndogo: kila kipande kinachoanza na kiambishi kisicho na mwenyewe kiandikwe jina la mhusika kwa kalamu nyekundu siku kile kinapokatwa.

Upatanisho wa ngeli nao hufichua kiungo kibaya. Tuseme unataka fundi aeleze kalafati kwa ufupi. Katika A003 alisema, “Jahazi ukilitia kalafati vibaya, mwezi wa kwanza tu.” Katika A005 alikuwa anazungumzia mashua, akasema, “Inaanza kuvuja, mnachota maji mpaka asubuhi.” Kwenye karatasi vinaungana vizuri na maana ni ya kweli kwa vyombo vyote viwili. Lakini mzee wa pwani hawezi kuanza na “ukilitia” akamalizia na “inaanza” kwa jahazi lilelile. Msikilizaji wa kule atajua papo hapo kwamba maneno yameshonwa, hata asipoweza kueleza alivyojua, na kuanzia hapo atamshuku kila mtu katika filamu. Tafuta kipande kingine, au mwache aseme yote kama alivyosema.

Kibaya zaidi ni kukata maneno madogo. Nahodha anasema, “Eti walipakia magunia kupita kiasi, ndiyo yakawafika.” Ondoa “eti”, na uvumi umegeuka ushahidi wa mtu aliyeshuhudia. Ondoa “labda”, “nilisikia”, “nadhani”, na matokeo ni hayohayo. Mkato wa namna hiyo unavutia kwa sababu unaokoa nusu sekunde na sentensi inatoka imenyooka. Msimamo wangu ni kwamba maneno ya mashaka ni sehemu ya habari kama zilivyo nomino. Ninapounganisha sentensi mbili za mtu mmoja kutoka mahali pawili, huyasoma majibu yote mawili kamili pamoja na maswali yake, halafu najiuliza kama mhusika, akiketi kuitazama filamu na jirani zake, atasema “ndivyo nilivyosema”. Nikiwa na shaka, kiungo kinatoka.

Ukuta ukishatulia, vipande vinatafutwa kwa namba zake na kupangwa kwenye kompyuta bila mapambo yoyote. Hakuna muziki wala picha za mawimbi. Huu ni mkusanyo wa sauti, na unapaswa kusikilizwa skrini ikiwa imezimwa. Hapo karatasi inaumbuka. Sentensi iliyoonekana imekwisha haijakwisha: mzee alikuwa anaorodhesha mbao, na sauti yake kwenye neno la mwisho imebaki juu ikingojea linalofuata. Nukta aliiweka mnukuzi, mzee hakuiweka. Dalili ni rahisi kuitambua, kwani sikio linabaki likisubiri. Mara nyingine pumzi imekatwa nusu kabla ya neno la kwanza, na mtu anasikika kama anayezuka majini. Rudisha fremu chache za mwanzo na tatizo linaisha. Au kipande cha asubuhi, kuku wakiwika, kimeunganishwa na cha jioni chenye upepo, na kila mshono unasikika kama mlango unaofunguliwa. Ndiyo maana mpiga sauti mzuri, baada ya kila mahojiano, huwaomba watu wote wanyamaze arekodi nusu dakika ya hewa ya mahali hapo. Sauti hiyo tupu ndiyo inayotandikwa chini ya viungo ili visisikike.

Tarajia kupoteza vipande kadhaa katika hatua hii. Kwa kawaida viliyopendeza kusoma ni vya wasemaji wenye maneno mazuri na sauti iliyochoka, na vilivyoachwa ukutani ni vya wale wanaosema kidogo lakini mtu anasimama kuwasikiliza. Rudi kwenye kurasa, ubadilishe, na kila badiliko liandikwe pia kwenye karatasi. Karatasi na kompyuta zikianza kutofautiana, baada ya siku chache hakuna anayejua toleo lipi ndilo la kweli.

Picha za kazi huja baada ya hapo, na hapa safu ya kushoto ya jedwali inasaidia. Kulia kuna maneno. Kushoto unaandika kinachoonekana. Pale palipo na mshono ndani ya maneno ya mtu mmoja, uso wake utaruka, kwa hiyo patahitaji picha ya kufunika: mikono ikipachika pamba kati ya mbao, watoto wakipita chini ya taruma. Pale palipo na kimya cha sekunde saba, usifunike chochote. Na kila mahali ambapo safu ya kushoto iko tupu, umepata orodha ya picha za kwenda kuzipiga utakaporudi kijijini. Ndiyo maana hariri ya karatasi ifanyike mapema, kabla bajeti ya safari haijaisha.

Njia hii haifai kwa kila filamu. Softie ya Sam Soko, ya mwaka 2020, inamfuata mwanaharakati Boniface Mwangi na familia yake katika maisha na siasa za Kenya. Nguvu yake iko katika yanayotokea mbele ya kamera, na tukio la namna hiyo huwezi kulipima kwa maandishi ya waliosema nini. Hapo mhariri anaanza na picha. Karatasi ni ya filamu ambazo uti wa mgongo wake ni ushuhuda wa mdomo.

Mfano mkubwa wa filamu hizo ni Shoah ya Claude Lanzmann, iliyotoka mwaka 1985, kuhusu mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi. Haina picha hata moja ya kumbukumbu za enzi ile. Ina watu wanaosimulia na mahali yalipotokea. Ina zaidi ya masaa tisa, na mhariri Ziva Postec aliishughulikia kwa takriban miaka sita. Yaliyobaki nje ni zaidi ya masaa 220, na tangu mwaka 1996 yamo mikononi mwa Jumba la Makumbusho ya Maangamizi lililoko Washington, pamoja na maandishi ya mahojiano, ambayo watafiti wanaendelea kuyasoma. Kati ya mahojiano yaliyoachwa nje kulikuwa na yale ya Benjamin Murmelstein, aliyepigwa picha Roma mwaka 1975. Lanzmann aliyarudia akiwa mzee, na mwaka 2013 yakawa filamu inayojitegemea yenye masaa matatu na nusu na zaidi.

Kwa hiyo karatasi zilizong’olewa ukutani zisitupwe. Zifungwe pamoja kwa jina la msemaji, namba zikiwa bado zinasomeka, na nakala ya maandishi yote iwekwe kwenye diski ileile yenye picha. Majina ya mafaili yasibadilishwe baadaye kwa sababu yoyote ile, kwa kuwa jina likibadilika, namba 10:14:32 haimwelekezi tena mtu yeyote popote.